Jina Litakalotokea

Huku kwetu Litembo, ukitaka kumtumia mtu hela kwa simu, kwanza unaambiwa jina litakalotokea. "Litatokea la shemeji, usishtuke," mtu anakwambia, na kweli hushtuki. Nusu ya laini za kijiji zina majina ya watu wengine. Moja ilisajiliwa na mjomba kwa sababu mwenyewe alikuwa hajapata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nyingine na mwalimu wa zamu, nyingine na mke wa kwanza ambaye siku hizi hata salamu hatoi. Watu wamezoea, na hakuna anayeona ajabu.

Laini ya Vitalia Kinunda ilikuwa ikitoa jina la Luisa. Luisa alikuwa mama yake, mzaliwa wa Lundo kule ziwani. Alikuwa akinunua usipa mkavu, dagaa wa kule, kwa ndugu zake na kupanda nao milimani kuuza, na namba yake ilijulikana kuanzia mwaloni wanakoshusha samaki hadi gulio la Mbinga. Alipougua, simu ikawa mkononi mwa binti yake. Alipofariki, mwaka wa pili sasa, ikabaki hapo hapo. Kuitupa laini ya mama si jambo la kumtuma mtu alifanye, na Vitalia mwenyewe hakuliweza. Kila aliyemtumia hela alimwambia, jina litatokea Luisa.

Vitalia alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa na sikio. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mtafiti mmoja wa Uholanzi alikuwa amerekodi mazungumzo na wakulima wa kahawa, saa kumi na mbili za watu kukohoa, kuku kuwika na wazee kubishana kuhusu mbolea, na alitaka mtu wa kuyaandika yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Aliitangaza kazi hiyo kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaofanya kazi kwa mbali. Walijitokeza wengi kutoka miji mikubwa, lakini ni Vitalia aliyeeleza kwenye maombi yake kwamba ngolo ni yale mashimo ya kilimo tunayochimba kwenye miteremko na si jina la mtu. Akapata kazi. Malipo yalikuwa dola mia moja na themanini.

Mzee Salvatory, baba yake, hakuiamini kazi ile hata kidogo. Hakusema ni uongo, maana si mtu wa kumvunjia mtoto heshima, ila alikuwa akipita mlangoni na kumwona binti yake na visikizio masikioni, anacheka peke yake, basi anaguna na kwenda kugeuza kahawa yake kwenye kichanja. Naye Florian, kaka mkubwa aliyeko Songea, alikuwa ameshamtafutia dada yake nafasi ya kukaa kaunta kwenye duka la misumari na mabati, kuanza tarehe mosi. Kazi ya kueleweka, alisema Florian, yenye mlango na kufuli.

Wakafikia makubaliano, au tuseme baba aliyafikia na wengine wakanyamaza. Hela ya Uholanzi ikionekana kabla ya mwisho wa mwezi, Vitalia atabaki nyumbani na kazi yake. Isipoonekana, anapanda gari la Songea. Cha kusikitisha ni kwamba kati ya baba na binti hakuna aliyetaka Vitalia aondoke. Nyumba ile ingebaki na mzee mmoja, kichanja na redio.

Tarehe nane mteja akaipokea kazi na kuisifu. Vitalia akamwonyesha baba yake kioo cha kompyuta. Mzee akasoma, akauliza hela iko wapi.

Ikabidi aelezwe. Mteja aliiweka hela yote kwenye jukwaa tangu siku ya kwanza, kabla Vitalia hajaandika hata neno moja, na jukwaa likaishika kama amana. Mteja hakuweza kuichukua kienyeji wala Vitalia hakuweza kuigusa. Sasa kazi imekubaliwa, jukwaa limekata asilimia kumi yake, zimebaki dola mia moja sitini na mbili, na hizo zinakaa siku tano za tahadhari ndipo ziruhusiwe kutoka.

Vitalia alidhani hapo mzee atacheka. Mzee hakucheka. Alifikiri kidogo akasema kumbe ni kama kahawa. Unaipeleka kwenye chama cha ushirika, inapimwa, unapewa karatasi, halafu unakaa kungoja mnada, na ukilipwa unakuta makato yameshatangulia. Tofauti aliyoiona ni moja tu, kwamba huyu Mzungu aliweka hela kabla ya kuona mzigo, jambo ambalo kwenye kahawa hajalishuhudia toka azaliwe. Siku hiyo alikula ugali kwa furaha.

Siku tano zikaisha. Vitalia akafungua sehemu ya kutolea hela. Jukwaa lenyewe halitumi shilingi. Linaikabidhi hela kampuni ya malipo ya kimataifa, nayo inabadili dola kuwa shilingi kwa bei yake na kuisukuma kwenye benki au kwenye akaunti ya simu. Akaunti ya benki Vitalia hakuwa nayo. Akachagua simu, akaandika namba, akaandika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, akabonyeza. Ada ilikuwa dola mbili.

Siku ya pili ikaja barua pepe. Malipo yamerudi. Jina la mpokeaji na jina la mwenye akaunti ya simu hayalingani. Dola mia moja na sitini zimerejeshwa kwenye salio lake kule jukwaani. Zile mbili za ada zimeliwa.

Hapa ndipo Vitalia alipofanya kosa, na mimi simlaumu sana, maana ni kosa ambalo nusu ya Litembo tungelifanya. Alisoma ile barua akacheka kwa ahueni. Alichokiona yeye ni Wazungu wanaouliza lile swali letu la kila siku: litatokea jina gani? Basi akawajibu. Akarudi kwenye fomu, palipoandikwa jina la mwenye akaunti akafuta la kwake, akaandika la marehemu mama yake, herufi kwa herufi, akabonyeza tena na kwenda kuchota maji.

Aliporudi akakuta akaunti yake ya kazi imefungiwa kutoa hela. Jukwaa lilikuwa limeandika kwa upole lakini bila kuzungusha: hela hulipwa aliyefanya kazi, si mtu mwingine. Mwenye akaunti ni Vitalia Kinunda, na ombi limetaka alipwe mtu mwingine kabisa. Mpaka athibitishe yeye ni nani, kwa kitambulisho na kwa sura yake, hakuna kitakachotoka. Akishindwa, akaunti inaweza kufungwa moja kwa moja.

Hela peke yake asingeililia. Kilichomuuma ni kwamba ametumia jina la mama yake na sasa linaonekana kama jina la mwizi. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni akalia, na mzee aliyekuwa kichanjani akaacha kahawa, akaja, akasimama pembeni. Ilikuwa tarehe kumi na tisa.

"Mama," mzee akamwambia hatimaye, maana ndivyo anavyomwita akimwonea huruma, "kama ni safari ya Mbinga inahitajika, nauli ipo."

Kesho yake asubuhi Vitalia akapanda bodaboda, akashuka Mbinga mjini na vumbi hadi kwenye kope. Akaenda kwa Meshack, kijana anayesajili laini kwenye kibanda karibu na soko, ambaye anajulikana kwa mambo mawili: anajua kazi yake, na hanyamazi. Meshack akasikiliza habari yote huku akihudumia wengine watatu.

"Dada yangu," akasema, "sisi huku jina ni la kutambulishana. Kwa hao wenzetu jina ndiyo funguo. Funguo ya mama haifungui mlango wako."

Halafu akashusha sauti akamwambia kuwa laini ya marehemu haitakiwi kuendelea kutumika, kwamba familia inapaswa kwenda ofisi ya mtandao wa simu na cheti cha kifo ifungwe, na kama kuna salio ndani, ifuatwe njia ya mirathi. Kuhusu Vitalia kuitumia miaka miwili, Meshack alisema hajasikia kitu, leo masikio yamejaa upepo.

Akatoa mashine. Namba ya NIDA ikaingia bila shida. Ikabaki alama ya kidole, na hapo shughuli ikaanza. Vitalia ni mwandishi, sawa, lakini pia ni mtoto wa mkulima wa kahawa, na ulikuwa msimu wa kuchuma. Kidole gumba kilikataliwa. Cha shahada kikakataliwa. Vidole vilikuwa vimekwaruzwa na matawi na kushika weusi wa maganda, hata mistari haionekani. Meshack akampa maji ya sabuni na kitambaa, akamwambia asugue kama anaosha sufuria. Mkono wa kulia wote ukagoma. Watu waliokuwa foleni wakaanza kutoa ushauri, kama kawaida ya watu walioko foleni. Mmoja alisema apake mafuta ya nazi, mwingine alisema mafuta ndiyo yanaharibu.

Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali. Mashine ikalia, na Meshack akapiga kofi mezani.

Wakafungua akaunti ya hela kwenye laini mpya, Vitalia akaweka namba ya siri huku Meshack akitazama barabarani kwa adabu. Ili kuhakikisha, Meshack akafanya kama anamtumia shilingi elfu moja kutoka kwenye simu yake, akasimama pale jina linapotokea, akamgeuzia kioo. VITALIA SALVATORY KINUNDA. Akaghairi kutuma, maana yeye ni mkarimu wa maneno zaidi kuliko wa hela.

Vitalia alilitazama lile jina kwa muda. Hakuwahi kuliona likitokea mahali kama pale.

Jioni, nyumbani, akamweleza baba yake yote, na mwishoni akagusia habari ya laini ya mama, kwamba inapaswa kufungwa. Mzee alikuwa akimenya viazi vya kuchemsha. Akaweka kisu chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usimfungie mama yako haraka."

Vitalia akadhani ni mambo ya msiba, akataka kuliacha. Lakini mzee akaendelea bila kumtazama. Akasema yeye kwenye kile kiswaswadu chake, kisimu cha vibonyezo, siku zikiwa nzito, huwa anaingia kwenye kutuma hela, anaandika ile namba, anaweka mia tano. Simu inafikiri kidogo, kisha inaleta jina lote, la kwake na la baba yake wa Lundo, na inauliza kama kweli ni huyo unayetaka kumtumia.

"Nikishaona, naghairi," akasema. "Mia tano ya kutuma ninayo wapi kila siku?"

Alijaribu kuifanya iwe mzaha lakini sauti haikumsaidia. Vitalia alikuwa ameishika simu ile miaka miwili na hakuwahi kujua, kwa sababu hela isiyotumwa haileti ujumbe. Alimpenda sana baba yake saa ile, na alijisikia vibaya kwa kutaka kumnyang'anya kitu ambacho hata hakujua anacho. Akamwambia hakuna haraka, watakwenda pamoja siku atakayotaka yeye mwenyewe.

Ila ya jukwaa yalikuwa na haraka. Asubuhi akapanda kilimani nyuma ya nyumba, mahali mtandao unapokaa vizuri, akapiga picha kitambulisho mbele na nyuma, kisha akafuata maagizo ya kamera: tazama mbele, geuka kushoto, geuka kulia. Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni wakasimama kumwangalia anavyomgeuzia shingo mtu asiyeonekana. Mmoja akauliza kama hajambo. Akaandika pia maelezo, bila kupamba: kwamba laini ilikuwa ya mama yake aliyefariki, kwamba kwetu laini moja hutumiwa na familia, kwamba sasa ana laini yenye jina lake.

Tarehe ishirini na tatu wakamjibu kuwa uthibitisho umekubaliwa, akaunti imefunguliwa. Akaingiza namba mpya na jina lake. Jukwaa likasema njia mpya ya malipo inangojewa siku tatu kabla ya kutumika, kwa usalama wake. Siku tatu nyingine! Mzee akasema huyu Mzungu angefaa kuwa katibu wa chama cha ushirika.

Florian naye hakukosa kupiga simu. Alisema kampuni za mtandaoni zimewaliza watu wengi Songea, wengine walilipishwa kwanza ndipo waahidiwe kazi. Vitalia akamjibu kuwa hao kweli ni matapeli, na dalili yao ni hiyo hiyo ya kuomba hela kwanza, lakini yeye hajatoa hata senti ya kuombea kazi. Florian akasema sawa, na begi afungashe hivyo hivyo.

Akafungasha. Tarehe ishirini na saba aliomba tena malipo, na kabla ya kubonyeza alisoma kila herufi mara tatu. Ishirini na nane ilikuwa Jumamosi, kimya. Ishirini na tisa wakaenda misani, na Vitalia aliweka simu kwenye mtetemo ndani ya kanga, dhambi ndogo, akasali na kungoja kwa pamoja. Kimya. Jioni mzee alilitazama lile begi mlangoni akasema litapata vumbi hapo, lisogezwe. Hakusema lisogezwe wapi.

Jumatatu tarehe thelathini, saa nne asubuhi, wakiwa kichanjani wote wawili wanachagua kahawa mbovu na kuitupa, simu ikatetemeka. Vitalia akafuta mikono kwenye gauni. Alisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Amepokea shilingi laki tatu themanini na nane elfu, mia sita na themanini.

Mzee aliomba asomewe tena. Baadaye akataka hesabu, na Vitalia akampa: mia na themanini, toa kumi na nane za jukwaa, toa mbili zilizopotea kwa kosa lake, toa mbili za safari hii, zilizobaki mia hamsini na nane zikageuzwa shilingi kwa bei ya kampuni, iliyo chini kidogo ya ile inayotangazwa redioni.

"Chama kingekata zaidi," mzee akasema, na kwa mkulima wa kahawa hiyo ni sifa kubwa.

Vitalia alikwenda kwa wakala wa pale kijijini akatoa elfu hamsini tu, kwa sababu wakala hakuwa na zaidi ya hapo na pia makato ya kutoa kidogo kidogo yanauma. Akanunua sukari, sabuni na nyama kilo moja na nusu. Akampigia Florian. Kaka mtu akauliza kama huyo Mholanzi hana kazi ya mtu anayejua misumari. Begi likarudishwa chumbani, na mteja alikuwa ameshaandika kuwa ana saa nyingine ishirini za sauti, safari hii za wavuvi wa ziwani, na amana ameshaiweka.

Baada ya kula, mzee alitoka nje na kiswaswadu chake, akakaa kwenye jiwe la kunolea panga. Vitalia alimwona dirishani, ameinama, anabonyeza taratibu kwa kidole kimoja. Alijua anafanya nini, akamwachia nafasi yake. Akarudi kwenye vyombo.

Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa laini mpya. Amepokea shilingi mia tano kutoka kwa SALVATORY KINUNDA.

Akatoka nje na mikono ya povu. "Baba, umenitumia hela?"

Mzee hakuinua uso mara moja. Alikuwa bado anakitazama kioo, ingawa mwanga wake ulishazimika.

"Nimeona jina lako lote, na langu katikati," akasema. "Leo sikughairi. Huku kuna mtu wa kuipokea." Akaiweka simu mfukoni, akajikung'uta suruali. "Wiki ijayo twende wote Mbinga, kwenye hiyo ofisi ya mtandao. Cheti cha mama yako kiko ndani ya Biblia."